Chupa Itulie, Kamera Isogee

Video nyingi fupi za bidhaa zinazotengenezwa siku hizi kwa akili unde huharibikia kwenye lebo. Sekunde ya kwanza jina la bidhaa linasomeka vizuri. Ikifika ya tatu herufi zimeanza kulegea, A imejifunga juu, maneno "gramu 500" yamegeuka mchirizi, na alama ya ubora ya TBS imekuwa doa lisiloeleweka. Kifuniko kilichokuwa duara kimevutika upande mmoja, na mabega ya chupa yanatanuka na kusinyaa taratibu.

Kwa mnunuzi wa Tanzania hilo si suala la urembo tu. Wengi wetu tumezoea kuigeuza chupa dukani tutafute alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kutoa hela. Akiona tangazo ambalo alama hiyo inayeyuka, atadhani bidhaa ni feki, hata kama asali yenyewe imetoka mzingani juzi. Kwa hiyo nataka tukae na kazi moja ndogo na tuifanye mpaka mwisho. Tuna picha mnato ya chupa ya asali ya Tabora, na tunataka video ya sekunde tano ambamo kamera inaisogelea chupa polepole bila chupa yenyewe kupinda popote.

Vyombo vya kazi hii viko vingi. Kuna Runway, kuna Kling ya kampuni ya Kichina ya Kuaishou, kuna Luma Dream Machine, kuna Veo ya Google, na kuna Wan ya Alibaba, ambayo mtu mwenye kompyuta yenye kadi ya picha ya nguvu anaweza kuipakua na kuiendesha mwenyewe. Vinatofautiana kwa bei na kwa vitufe, ila tatizo la kupinda wanalo wote, na chanzo chake ni kimoja.

Modeli hizi hazijui kwamba kioo ni kigumu. Ndani yake hamna chupa ya pande tatu inayoweza kuzungushwa, kama ilivyo kwenye programu za wahandisi. Kilichopo ni mazoea. Wakati wa mafunzo modeli ilitazama video nyingi mno, ikajifunza jinsi picha inavyobadilika kutoka fremu moja hadi nyingine. Ukiipa picha yako, inaanza na fremu zilizojaa chengachenga mithili ya televisheni iliyokosa mawimbi, kisha inazisafisha hatua kwa hatua, zote kwa pamoja, huku ikichungulia picha yako upande mmoja na maneno yako upande wa pili. Fremu ya kwanza inafanana na picha yako karibu kabisa, kwa sababu ndiyo iliyofungiwa hapo. Zinazofuata zote ni za kubuni. Kadiri video inavyosonga mbali na fremu ya kwanza, ndivyo modeli inavyozidi kutegemea kumbukumbu zake za chupa kwa ujumla badala ya chupa yako.

Kuna sababu ya pili, nayo ndiyo inayoua maandishi. Modeli haifanyi kazi kwenye pikseli moja moja, maana hesabu ingekuwa kubwa kupita kiasi. Kwanza inaibana video. Wan 2.1, iliyotoka mapema mwaka 2025, hubana kila eneo la pikseli 8 kwa 8 likawa kijisanduku kimoja, na kwa upande wa muda hubana fremu nne nne pamoja. Sasa pima lebo yetu. Tuseme video ina upana wa pikseli 720, na neno ASALI lina herufi zenye kimo cha pikseli 60. Kila herufi imepata visanduku saba hivi kwenda juu, na hiyo inatosha kulinda umbo lake. Lakini "gramu 500" chini ya lebo ina kimo cha pikseli 14. Haifikishi hata visanduku viwili. Modeli ikifungua tena kile ilichobana, inajua tu kwamba hapo palikuwa na kitu kinachofanana na maandishi, basi inachora kitu kinachofanana na maandishi.

Ukishalielewa hilo, kazi yote inakuwa ni kuipunguzia modeli mambo ya kubuni. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kabla hujaandika neno hata moja.

Anza na picha. Ipige au ikate kwa vipimo vilevile vya video unayotaka. Kwa status ya WhatsApp au Reels za Instagram ni wima, 9 kwa 16, kwa mfano pikseli 1080 kwa 1920. Ukiingiza picha ya mraba na kuomba video ya wima, chombo kitakata kingo au kitabuni sehemu za juu na chini, na tayari umeanza kwa hasara. Chupa yote ionekane, kuanzia kifuniko hadi kitako, na lebo itazame kamera moja kwa moja. Ijaze fremu vya kutosha ili maandishi yapate pikseli nyingi. Mimi huiacha chupa ichukue zaidi ya nusu ya kimo cha picha, na lebo nzima iwe karibu na katikati.

Kitambaa kilicho chini ya chupa nacho kina maneno yake. Ni kawaida yetu kutandika kanga au mkeka ili picha ipate ladha ya nyumbani. Kwenye picha mnato inapendeza sana. Kwenye video ya akili unde, nakshi ndogo zinazojirudia ndizo za kwanza kuanza kutambaa, kwa sababu modeli haiwezi kufuatilia ukili upi wa mkeka kwenye fremu hii ndio uleule wa fremu iliyopita. Zikianza kutambaa, chupa iliyo juu yake nayo inaonekana inaelea. Tumia meza ya mbao yenye mishipa mikubwa au kitambaa cha rangi moja. Nyuma weka ukuta uliofifia, ukiwa mbali kidogo na chupa. Umbali huo ndio utakaomfanya mtazamaji aamini kwamba kamera imesogea kweli, kwa kuwa kilicho karibu kitakua haraka kuliko kilicho mbali.

Jambo la mwisho kuhusu picha ni njia iliyopitia kukufikia. Mteja akikutumia kupitia WhatsApp kwa njia ya kawaida, picha inabanwa, na kingo za herufi zinapata vumbi la miraba midogo ambalo jicho halilioni kwa haraka. Modeli inaliona, na inalitafsiri kuwa kitu kinachotikisika. Mwambie akutumie kama dokumenti.

Sasa mwendo wenyewe. Miendo ya kamera haina hatari sawa, na ukiipima kwa swali moja utaona tofauti: je, mwendo huu unaonyesha kitu ambacho hakimo kwenye picha? Kuizunguka chupa kunafichua ubavu ambao haukupigwa picha, na lebo inabidi ijikunje kuufuata mviringo wa kioo. Modeli inabuni yote hayo, na ndipo herufi zinapozaliana. Kurudi nyuma kunafichua kingo mpya za meza na ukuta. Kuhamia pembeni kunafichua upande mmoja. Kuisogelea chupa hakufichui karibu chochote, kwa sababu kila kitakachoonekana mwishoni kilikuwemo mwanzoni, kikiwa kidogo zaidi. Kwa bidhaa yenye lebo mimi huchagua mwendo huu kwanza, na anayetaka mzunguko wa nyuzi 360 namshauri aipige chupa video halisi juu ya sahani inayozunguka.

Polepole nako kuna kipimo chake. Tukisema chupa ikue kwa asilimia 8 ndani ya sekunde tano, ukingo wa lebo ulio pikseli 300 kutoka katikati ya picha utasogea pikseli 24 kwa muda wote huo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, tuna fremu 120, kwa hiyo ukingo unahama pikseli moja kila baada ya fremu tano. Ni mwendo mdogo mno kwenye karatasi, lakini kwenye simu unaonekana wazi na una heshima. Ukipanda hadi asilimia 30, lebo inakuwa kubwa kuliko ilivyokuwa kwenye picha yako, na modeli inalazimika kubuni undani ambao haukuwahi kuwepo.

Tuje kwenye maneno. Kwa kazi hii nayaandika kwa Kiingereza, maana maelezo yaliyotumika kufunza modeli nyingi ni ya Kiingereza au Kichina, na msamiati wa kamera unaeleweka humo kwa usahihi zaidi. Haya hapa ni maelekezo ya aina ninayoyaona kwa watu wengi wanaoanza:

```
Bring this honey jar to life, cinematic, epic, dynamic
camera, beautiful golden jar of honey on a table, slow
motion, no warping, no distortion, text must not change
```

Karibu kila kipande hapo kinafanya kinyume cha kinachotakiwa. Kuiambia modeli iihuishe chupa ni kuiomba chupa isogee, wakati tunataka kamera ndiyo isogee. Maneno ya sifa za kisinema yanavuta miendo mikubwa, mwanga unaobadilika na ukungu wa lenzi, kwa sababu ndivyo zilivyo video zilizoelezwa kwa maneno hayo. "Slow motion" si mwendo wa polepole wa kamera. Ni ule mtindo wa kupunguza kasi ya kila kitu, na mara nyingi huleta asali inayomwagika ambayo hukuiomba. Maelezo ya chupa ya dhahabu nayo yana hatari iliyojificha. Kifuniko kwenye picha yetu ni cha fedha, sasa modeli imepewa picha inayosema fedha na sentensi inayosema dhahabu, nayo itajaribu kuwaridhisha wote wawili kwa kukibadilisha kifuniko njiani.

Halafu kuna zile "no". Modeli inayotafsiri maneno kuwa picha haishiki ukanushaji vizuri. Inashika neno lililotajwa. Ukiandika kupinda, umeleta wazo la kupinda mezani. Runway wenyewe kwenye mwongozo wao wanashauri kueleza unachotaka kitokee badala ya usichotaka. Kwa hiyo kila katazo ligeuze liwe hali: badala ya kusema chupa isipinde, sema chupa ni ngumu na imetulia.

Mimi ningeandika hivi:

```
The camera moves forward slowly and steadily toward the jar,
at eye level. The jar stands still and rigid on the table.
The label stays sharp and fixed to the glass. Constant soft
light. One continuous shot.
```

Angalia kilichoachwa. Rangi ya asali haimo, mbao za meza hazimo, sifa hazimo. Hayo yote picha imeshayasema. Kamera imetajwa kwanza na ndiyo pekee iliyopewa kitenzi cha kusogea. Chupa na lebo zimepewa vitenzi vya kutulia. Mwanga umeambiwa usibadilike, kwa sababu mwanga ukihama, mng'ao juu ya kioo unahama nao, na modeli mara nyingi huuchanganya mng'ao na umbo la kioo lenyewe. Sentensi ya mwisho inazuia video kukatwa katikati na kuruka kwenye pembe nyingine.

Baadhi ya vyombo, Kling na Wan vikiwemo, vina kisanduku cha pili cha mambo ya kuepukwa. Huko ndiko makatazo yanakostahili kwenda, maana kisanduku hicho kinafanya kazi kwa hesabu tofauti: modeli inakadiria video kwa maelekezo yako, inakadiria tena kwa maneno ya kisanduku cha pili, kisha inasogea mbali na hayo ya pili. Ndani yake usiandike "no". Taja tu vitu vyenyewe:

```
morphing, bending, melting, flicker, changing text,
extra objects, hands, camera shake, fast zoom
```

Mikono nimeitaja kwa makusudi. Modeli ikipewa tukio lililotulia sana, wakati mwingine hutafuta jambo la kufanya, na mkono unaoingia kutoka pembeni kuishika chupa ni miongoni mwa mambo yanayoijia kwa urahisi.

Muda uwe sekunde tano, usiombe kumi. Kama chombo kinakuonyesha namba ya mbegu, ile namba inayoamua chengachenga za mwanzo zipangwe vipi, ihifadhi. Ukitaka kujua kama neno fulani linasaidia, tumia mbegu ileile na ubadilishe neno hilo peke yake. Bila hivyo huwezi kujua kama video imetulia kwa sababu ya sentensi yako au kwa bahati ya mbegu.

Video ikitoka, usiiamini kwa kuitazama mara moja kwenye simu. Kupinda kwa taratibu kunalidanganya jicho. Kwanza icheze kwa kasi ya mara nne. Mtanuko ambao haukuonekana kwa mwendo wa kawaida unajitokeza palepale, chupa inatikisika kwa namna ambayo kioo hakiwezi. Kisha ifungue kwenye VLC na ubonyeze herufi E, inayosogeza video fremu moja moja. Tazama sehemu tatu tu. Ya kwanza ni kifuniko: mstari wake wa juu ubaki na mkunjo uleule. Ya pili ni pale kitako kinapogusa meza. Kivuli kikiachana na kioo, chupa imeanza kuelea. Ya tatu ni andiko dogo kuliko yote kwenye lebo. Andiko hilo ndilo huanza kuharibika mapema, na fremu linapoharibika ndiyo mpaka wa video yako. Likidumu hadi sekunde ya tatu na robo, kata hapo. Video ya sekunde tatu iliyo safi inauza kuliko ya tano yenye lebo inayoyeyuka.

Kama jina kubwa limebaki imara lakini maandishi madogo yanakataa, kuna njia ya kuifunga modeli pande zote mbili. Vyombo kadhaa vinapokea picha ya mwanzo na picha ya mwisho. Ya mwisho itengeneze mwenyewe kutoka kwenye picha ya awali: kama ya mwanzo ni pikseli 1080 kwa 1920, kata eneo la katikati la 1000 kwa 1778, ulikuze lirudi 1080 kwa 1920. Hiyo ndiyo ile asilimia 8. Ukiweza, likate kutoka kwenye picha kubwa ya kamera ili ukali usipungue. Sasa modeli ina lebo sahihi mwanzoni na mwishoni, na kinachobaki ni safari fupi katikati. Gharama yake ni kwamba picha ya mwisho ni mkuzo mtupu, ukuta na chupa vimekua kwa kiwango kimoja, hivyo ile hisia ya kina inapungua. Kwa lebo yenye maandishi mengi naona ni bei inayolipika.

Maandishi ya pikseli kumi na kitu hayataokolewa na sentensi yoyote, na hapo ni bora kugawa kazi. Iambie modeli kamera isisogee kabisa, iache mwanga wa dirishani ucheze tu ukutani nyuma. Halafu kwenye CapCut au programu nyingine ya kuhariri, ikate chupa kutoka kwenye picha halisi, ibandike juu ya chupa ya video mahali palepale, na mwendo wa kuisogelea uufanye hapo kwa kukuza fremu nzima kutoka asilimia 100 hadi 108. Lebo haiwezi kupinda, kwa sababu ni picha yako yenyewe. Njia hii inafaa zaidi kwa dawa, vipodozi na vyakula vya watoto, ambako kila neno la lebo lina uzito wa kisheria.

Na kuna ufundi mmoja ninaoupenda kuliko yote kwa chupa yetu ya asali. Fremu iliyo kweli kuliko zote ni ya kwanza, lakini tangazo linataka lebo isomeke mwishoni, pale bei na namba ya simu vinapotokea na mtu anapotulia kusoma. Basi tengeneza video ya kuisogelea chupa kama tulivyofanya, kisha kwenye kuhariri igeuze icheze kinyumenyume. Kamera sasa inaanza karibu na kurudi nyuma polepole, mwendo ambao ungeombwa moja kwa moja ungelazimu kubuni kingo. Kasoro ndogondogo zote zimehamia mwanzoni, ambako jicho bado linatafuta pa kutua, na video inaishia kwenye picha halisi uliyoipiga. Ishikilie fremu hiyo kwa sekunde moja na nusu zaidi. Hili linawezekana kwa sababu hatukuomba mvuke, matone wala asali inayomiminika. Vitu hivyo vikirudishwa nyuma mtazamaji anagundua mara moja, lakini chupa iliyotulia mezani haina mwelekeo wa muda.

Maandishi ya bei na simu yaweke kwenye programu ya kuhariri baada ya yote haya, kamwe usiyaweke kwenye picha unayoipa modeli. Hifadhi kama MP4 yenye upana wa pikseli 1080, na mteja mtumie nakala yake kama dokumenti.